Kujitambulisha mkutanini: Jina, jukumu na habari moja ya manufaa

Majuma machache yaliyopita nilialikwa katika kikao cha watu 14 kilichoitishwa kuamua mahali pa kuchimba kisima cha shule. Mwenyekiti aliomba kila mmoja ajitambulishe. Mzunguko ukaanza: “Kwa majina naitwa Fulani, natoka ofisi fulani, itifaki izingatiwe, asanteni.” Mama mmoja alisema yeye ni afisa wa serikali, akaketi. Saa mbili baadaye, tulipokwisha kuchagua mahali, ndipo alipoulizwa jambo akaeleza kwamba kipande kile cha ardhi kina kesi ya urithi mahakamani. Kumbe yeye ndiye anayehifadhi rekodi za ardhi za eneo hilo! Uamuzi wetu ulifutwa papo hapo.

Utambulisho wa mkutanini una sehemu tatu, na kila sehemu ina kazi yake. Jina halina shida sana. Sema “naitwa” au “jina langu ni”. Wapo wanaoziunganisha na kusema “jina langu naitwa”, sentensi ambayo humwacha “jina” yatima, bila kitenzi chake.

Jukumu ndilo hutatiza. Wengi hutaja cheo, ilhali cheo hakielezi mtu anafanya nini katika shughuli inayojadiliwa. Maafisa wa serikali ni wengi. Anayehifadhi rekodi za ardhi ni mmoja. Hapa Kiswahili kina kifaa kizuri: “ndi-” ya msisitizo. “Mimi ni mhasibu” yaweza kumaanisha mmoja kati ya wahasibu kadhaa. “Ndimi ninayeshika hesabu za mradi huu” huwaambia wenzako kwamba swali la fedha lije kwako, si kwa mwingine. (Ndimi hii isichanganywe na wingi wa ulimi, ingawa mikutano yetu haina uhaba wa hizo pia.) Baadhi ya watu huona “ndimi” kuwa majivuno. Mimi sioni hivyo, mradi ifuatwe na kitenzi cha kazi.

Sehemu ya tatu, habari ya manufaa, ndiyo tunayoiruka au kuigeuza mzaha: “Napenda chapati.” Kipimo chake ni rahisi: je, kuna mtu mezani ambaye atafanya jambo tofauti leo kwa sababu ameisikia? Yule mama angesema hivi: “Naitwa Fulani. Ndimi ninayehifadhi rekodi za ardhi za eneo hili. Kipande kilicho nyuma ya shule kina kesi mahakamani.” Hizo ni sentensi tatu, na hazichukui hata sekunde 20. Kwa watu 14, mzunguko mzima hauzidi dakika tano.

Lakini hata utambulisho mzuri waweza kupotea. Mnamo 1973 mwanasaikolojia Malcolm Brenner alichapisha utafiti ambapo watu waliosomeana maneno kwa zamu walitakiwa kuyakumbuka baadaye. Kila mmoja alikumbuka vibaya yale yaliyosomwa takriban sekunde 9 kabla ya zamu yake. Akili ilishughulika na zamu inayokuja. Kwa hiyo, kama aliyeketi baada ya yule mama ni fundi wa kisima, huenda yeye ndiye angeikosa habari ya kesi. Dawa yake si ngumu. Mwenyekiti awape watu dakika moja waandike sentensi zao kabla ya mzunguko kuanza, na habari nzito inapotajwa airudie kwa sauti kabla ya kumpisha anayefuata.

Desturi hii imeingia hata katika vyumba vya upasuaji. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya usalama wa upasuaji, lilitaka kabla ya mgonjwa kuchanjwa kila mmoja wa kikosi ajitambulishe kwa jina na jukumu, kisha daktari, mtoa nusukaputi na muuguzi kila mmoja ataje jambo linalomtia wasiwasi kuhusu mgonjwa huyo. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha vifo vikipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ina vipengele 19, hivyo hatuwezi kuupa utambulisho peke yake sifa hiyo. Hata hivyo, hoja ya waliouweka humo ni ya kiisimujamii kabisa: muuguzi mdogo aliyekwisha kusikika mara moja mbele ya wakubwa wake huona wepesi zaidi wa kufungua kinywa tena anapoona hatari.

Mzunguko huu hauwezekani ukumbini kwenye watu 60. Huko afadhali mwenyekiti aulize tu: nani ana habari inayoweza kubadilisha uamuzi wa leo? Kisha anyamaze kidogo, asubiri mikono.