Kumweleza bibi utafiti wa malaria kali kwa sentensi tatu

Mtoto amelazwa kwa malaria kali. Daktari ameagiza sindano ya artesuneti, lakini bibi anauliza kwa nini mjukuu hapewi kwinini, dawa aliyoizoea. Jibu limo katika utafiti uitwao AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010. Muhtasari wake umejaa lugha ya kitaalamu, lakini unaweza kumweleza bibi kwa sentensi tatu tu.

Sentensi ya kwanza iseme nani walilinganishwa: "Bibi, watoto 5,425 waliolazwa kwa malaria kali katika nchi tisa za Afrika waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa artesuneti na nusu kwinini." Usiache neno kura. Kura ndiyo inayozuia watoto wenye hali mbaya zaidi kurundikwa upande mmoja.

Sentensi ya pili iseme kilichotokea, na hapa ndipo wengi hukosea. Muhtasari unasema artesuneti ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5. Ukimwambia bibi hivyo, anaweza kuelewa kwamba katika kila watoto 100, watoto 22 zaidi waliokolewa. Sivyo. Asilimia hiyo ni sehemu ya vifo vilivyotokea upande wa kwinini, si ya watoto wote. Kwa hiyo tafuta idadi ya waliofariki kila upande: 297 kati ya watoto 2,713 waliopewa kwinini, na 230 kati ya 2,712 waliopewa artesuneti. Kisha sema: "Katika kila watoto 1,000, wa kwinini walifariki kama 110 na wa artesuneti kama 85, yaani watoto 25 zaidi walibaki hai." Hapo bibi anaona faida halisi, na anaona pia kwamba kwinini nayo iliponya wengi. Hakukosea kuiamini.

Sentensi ya tatu iseme matokeo hayo yanamhusu nani: "Utafiti huu ni wa malaria kali inayotibiwa kwa sindano hospitalini, si homa ya kila siku, na hata artesuneti haiokoi kila mtoto." Bila sentensi hii, ndugu anaweza kuanza kutafuta sindano kwa mtoto mwenye malaria ya kawaida, ambaye hutibiwa kwa vidonge vya dawa mseto.

Ukishamaliza, mwombe bibi akueleze alivyoelewa. Akisema, "Kumbe sindano hii inaponya wote," rudia sentensi ya pili na ya tatu.

Utafiti huo ulilinganisha dawa za sindano, lakini matibabu hayaishii hapo. Mtoto akishapata sindano kwa angalau saa 24 na kuweza kumeza, hupewa dozi kamili ya dawa mseto ya siku tatu. Hakikisha anaimaliza, hata kama ameanza kucheza.