Adabu za Kumzuru Mgonjwa



Hivi karibuni tulikwenda Kwanza, nje ya mji wa Kitale, kumjulia hali mzee wetu aliyehamia huko kutoka pwani zamani. Figo zake zimedhoofika. Husafishwa damu hospitalini, kisha hurejea nyumbani akiwa hoi.

Mlangoni tulimkuta mkewe kasimama kando ya mkungu wa ndizi na kapu la machungwa. “Wameleta kwa mapenzi,” akatuambia, “lakini mzee kakatazwa.” Figo mbovu hushindwa kuitoa potasiamu, ambayo ni nyingi katika matunda hayo; ikizidi katika damu, huweza kuuvuruga moyo hata ukasimama. Tulipomuuliza nyumba imepungukiwa na nini, alijibu kwa haya: nauli ya hospitali na sabuni ya kufulia. Basi kabla ya kununua zawadi, tumuulize anayemuuguza mgonjwa.

Chumbani walikuwamo watu wanane tangu adhuhuri. Mmoja alikuwa akisimulia habari za jirani aliyefariki kwa maradhi hayo hayo. Mzee alitabasamu kwa adabu, lakini macho yalikuwa yakifumba, na mara kwa mara akiutazama mlango. Baadaye mkewe alitunong’oneza kwamba alitaka kwenda msalani, akaona haya kusema mbele ya wageni.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipomzuru Saad bin Abi Waqqas aliyeugua Makka mwaka wa Hija ya kuaga, alimwekea mkono pajini mwa uso, akampangusa, akamwombea shifaa. Saad alipouliza habari ya wasia wa mali yake, alimsikiliza na kumjibu, wala hakumwambia aache kutaja mauti. Hili nalo ni liwazo: mgonjwa akitaka kuzungumza juu ya deni au wasia, tusimnyamazishe kwa kumwambia atapona tu.

Nasi tukafanya hivi. Tulimwomba mkewe atutolee wageni nje kwa upole, mzee akahudumiwa. Aliporudi kitandani, tuliingia wawili, tukaketi karibu na kichwa chake. Tulimwambia maradhi yake ni twahara inshallah, yaani yanamsafisha na dhambi. Kisha tukaweka mkono wa kulia juu yake, tukamwomba Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola wa Arshi tukufu, amponye. Mara saba, kwa sauti ya chini, kama ilivyopokewa katika Sunna. Naye tukamwomba atuombee.

Robo saa haikutimia tukaaga. Mzee alitushika mkono, akasema, “Njooni tena.” Akageukia ukuta, akalala. Wale wanane walikuwa wamekaa tangu adhuhuri, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa hivyo.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.