Mizunguko laki moja kati ya nywila na faili

Mwekahazina wa kikoba amemaliza hesabu za mwezi. Kabla ya kulituma faili la Excel kwa wenzake, anaenda kwenye Encrypt with Password na kuandika Zawadi2015, jina la kifunguamimba wake na mwaka aliozaliwa. Anayelipokea akiandika nywila hiyo, kompyuta husita kidogo kabla ya kulifungua, kiasi ambacho wengi hawakitambui. Kusita huko kumewekwa makusudi, na usalama wa faili unategemea sana kinachofanyika humo ndani.

Excel ya tangu 2016 husimba faili kwa AES yenye ufunguo wa biti 256, yaani baiti 32 kamili. Zawadi2015 ina herufi kumi tu, tena herufi zenye maana. Lazima pawe na kanuni ya kuigeuza nywila iwe ufunguo. Kama kazi ingekuwa kujaza nafasi tu, tungeongeza sifuri mbele tukamaliza. Lakini mwizi wa faili hajaribu funguo za AES, maana idadi yake haihesabiki ikaisha. Hujaribu nywila: majina ya watu, miaka, timu za mpira. Mashine ya benki humeza kadi ukikosea mara tatu, ila faili lililo mikononi mwa mwizi halina wa kuhesabu makosa. Atajaribu usiku kucha kwenye kompyuta yake mwenyewe. Kilichobaki ni kufanya kila jaribio limgharimu.

Hapo ndipo inapoingia SHA-512. Ichukulie kama kinu: ukitia chochote, hutoa baiti 64 zilizosagwa. Ukitia kitu kilekile hupata unga uleule, lakini unga haurudi kuwa mahindi. Excel huanza kwa kuchanganya nywila na baiti 16 za nasibu zinazoitwa chumvi, kisha husaga. Matokeo huunganishwa na namba ya mzunguko na kusagwa tena, halafu tena, hadi mizunguko 100,000 itimie. Hakuna njia ya mkato, kwa sababu kila mzunguko unasubiri matokeo ya uliotangulia. Mwishoni hutoka ufunguo, nao haufungui hesabu moja kwa moja. Hufungua kisanduku kidogo ambamo umehifadhiwa ufunguo mwingine wa nasibu, na huo ndio uliosimba faili.

Chumvi si siri. Imeandikwa wazi ndani ya faili, na kazi yake ni kuzuia mwizi asitwange mara moja akala mara nyingi. Bila chumvi angeweza kusaga orodha ya nywila mamilioni leo, akahifadhi matokeo, na kuyatumia kwa kila faili atakaloiba maishani. Kwa kuwa kila faili lina chumvi yake, analazimika kuanza upya kila mara. Robert Morris na Ken Thompson walieleza mbinu hii mwaka 1979 katika nywila za mfumo wa Unix. Chumvi yao ilikuwa ya biti 12, yaani aina 4,096 tu.

Sasa tupige hesabu. Tuchukulie mwizi ana kadi moja ya michoro, ile wanayonunua wapenzi wa michezo ya kompyuta, nayo inaweza kusaga SHA-512 mara bilioni 2 kwa sekunde. Kama faili lingesaga nywila mara moja tu, nywila ya herufi nane ndogo zilizochaguliwa kwa bahati nasibu ingekuwa na michanganyiko karibu bilioni 209, na yote ingejaribiwa kwa sekunde 104. Kwa mizunguko 100,000, kadi ileile hubaki na majaribio 20,000 kwa sekunde. Sekunde 104 zinageuka siku 121. Mwenye faili anasubiri kitambo kidogo mara moja, mwizi analipia mizunguko hiyohiyo kwa kila kisio.

Lakini kanuni hii hurefusha tu, haiumbi siri ambayo haikuwepo. Turudi kwa Zawadi2015. Mwizi akiwa na orodha ya majina 5,000 na miaka 100, ana michanganyiko 500,000. Kwa majaribio 20,000 kwa sekunde, anaimaliza kwa sekunde 25, mizunguko laki moja ikiwamo. Kinyume chake, ongeza herufi mbili za nasibu kwenye zile nane, na siku 121 zinakuwa zaidi ya miaka 220. Asiyeweza kukariri herufi zisizo na maana anaweza kuchukua maneno matano kutoka orodha ya maneno 2,000, mradi ayachague kwa kura na si kwa kupenda. Hapo kadi ile itahitaji zaidi ya miaka 50,000.

Mizunguko mingi ina udhaifu mwingine. SHA-512 haihitaji kumbukumbu kubwa, kwa hiyo kadi ya michoro yenye maelfu ya vichakato vidogo husaga nywila maelfu kwa mpigo. Colin Percival aliliona hilo, na mwaka 2009 akatoa scrypt, kanuni inayodai kumbukumbu nyingi pamoja na muda. Mwaka 2015 Argon2, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Luxembourg, ilishinda shindano la kimataifa la kanuni za nywila. Ukiiagiza itumie MiB 64 kwa kila jaribio, kompyuta yako haitajali, kwani inafanya jaribio moja. Kadi yenye GiB 24 itaweza kubeba majaribio 384 tu kwa wakati mmoja, hata kama ina vichakato maelfu. LUKS2 ya Linux na KeePassXC hutumia Argon2. Excel bado inahesabu mizunguko.

Unaweza kujionea mwenyewe. Fungua faili la Excel lenye nywila kwa programu ya 7-Zip, toa kipande kiitwacho EncryptionInfo, na ukisome kwa Notepad. Kati ya maandishi mengine utakuta haya:

```
saltSize="16" keyBits="256"
hashAlgorithm="SHA512"
spinCount="100000"
```

Usipokikuta kipande hicho kabisa, jiulize faili limefungwa kwa namna gani. Protect Sheet haisimbi chochote, huzuia tu mkono usiguse seli. Na faili la .xls la Excel 97 hadi 2003 kwa kawaida lilitumia ufunguo wa biti 40. Hizo ni funguo zipatazo trilioni 1.1, na mwizi anaweza kuzijaribu zote bila kujali nywila yako ni nzuri kiasi gani.

Mwekahazina wetu akisoma haya, bila shaka atakimbilia kubadili nywila. Afanye hivyo, ila ajue kwamba nywila mpya itafunga nakala mpya tu. Faili alilotuma mwezi uliopita lina chumvi yake, kisanduku chake na Zawadi2015 yake, popote lilipofika. Hilo litaendelea kufunguka kwa sekunde 25.