Saa Nne za Fundi, Saa Nne ya Asubuhi

Tuchukue mfano wa saccos yenye ofisi Morogoro inayolipia intaneti shilingi 600,000 kwa mwezi. Mkataba wake wa kiwango cha huduma uliandikwa kwa Kiingereza, kisha ukafasiriwa ili wajumbe wa bodi wausome. Kampuni inaahidi kwamba huduma itapatikana kwa asilimia 99.5 ya muda. Ikikatika, kampuni itamjibu mteja ndani ya saa 1 na kuirudisha ndani ya saa 4.

Asilimia yenyewe haimsumbui mfasiri. Kinachoponyoka ni maneno mawili madogo yanayoifuata, yaani kwa mwezi au kwa mwaka. Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200, kwa hiyo nusu asilimia ni dakika 216, sawa na saa 3 na dakika 36. Kipimo kikiwa mwaka mzima, kampuni imeruhusiwa karibu saa 44 za ukimya, na inaweza kuzimaliza zote katika wiki moja bila kuvunja mkataba. Mfasiri akiyaacha maneno hayo kwa kuyaona hayana uzito, ahadi inabaki haina kipimo.

Saa ndizo hatari zaidi. Msomaji wa Kiswahili akikutana na "huduma itarudishwa ndani ya saa 4", anaweza kuelewa muda wa saa nne, lakini mwingine atakaa akisubiri saa nne asubuhi. Tena mkataba wa Kiingereza ukisema kazi ni kuanzia 8:00 hadi 17:00, hiyo kwetu ni saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Nambari zikihamishwa zilivyo, fundi ataonekana yuko kazini saa 8 mchana tu, tena mpaka saa isiyokuwepo kwenye saa yetu. Dawa yake haina ufundi mkubwa: andika "muda usiozidi dakika 240 tangu tiketi ifunguliwe", na kila saa ya siku iambatane na asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Halafu lipo neno "kushughulikia", kimbilio la wafasiri wenye haraka. Linafunika mambo mawili ambayo mkataba umeyatenganisha kwa makusudi. Kujibu ni mtu wa kampuni kupokea taarifa, kuipa namba na kuanza kuchunguza. Kurudisha huduma ni intaneti kufanya kazi tena. Ukiandika "tatizo litashughulikiwa ndani ya saa 1", kampuni itasema ilitimiza kwa kupiga simu, na mteja atadai aliahidiwa intaneti. Wote watakuwa wanasoma sentensi ileile.

Sasa tuseme laini ilikatika Jumanne saa 3:10 asubuhi. Mhasibu akatoa taarifa saa 3:25, fundi akampigia saa 3:50, intaneti ikarudi saa 8:40 mchana. Jibu lilikuja kwa wakati. Kuirudisha kulichelewa, kwani tangu tiketi ifunguliwe zilipita dakika 315. Mwezi huo haukuwa na hitilafu nyingine, hivyo upatikanaji ulikuwa asilimia 99.24. Jedwali la mkataba linasema ukishuka chini ya 99.5 lakini usifike chini ya 99, mteja anastahili asilimia 5 ya ada. Hizo ni shilingi 30,000.

Shilingi hizo haziji mkononi. Zinakatwa kwenye ankara ijayo, na kwa kawaida mteja asipozidai ndani ya siku zilizotajwa zinapotea. Nimewahi kuona zikiitwa "mikopo ya huduma", kana kwamba saccos imekopeshwa na itarejesha. "Punguzo la ankara" linatosha. "Faini" nayo haifai, ingawa ndiyo inayokuja mdomoni upesi, maana faini hutozwa na mahakama au serikali, wala si mteja.

Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania kinamruhusu aliyevunjiwa mkataba kupata fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichoandikwa, hata kama hasara yenyewe haijathibitishwa. Kenya inafuata kanuni za Kiingereza, ambazo katika kesi ya Dunlop ya mwaka 1914 zilitenganisha makadirio ya haki ya hasara na adhabu ya kutisha, na adhabu hailipwi. Ndiyo maana wanasheria wa kampuni hukwepa neno la adhabu na kuandika kwamba punguzo ni marekebisho ya bei, tena ndiyo nafuu pekee ya mteja. Hilo "pekee" lisidondoke katika tafsiri: linamaanisha saccos haitadai hasara ya wanachama walioshindwa kuweka akiba siku ile.

Kabla ya kusaini, fungua ukurasa wa mwisho. Mara nyingi kuna kifungu kinachosema matoleo mawili yakipingana, la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Kikiwepo, omba mfasiri asome matoleo yote mawili mbele ya bodi, nambari kwa nambari, kalamu zikiwa bado mfukoni.