Je, Wajua? Mwanambuzi Yatima na Chupa ya Maziwa

Je, wajua kwamba maziwa ya mwanambuzi hayatakiwi kuingia tumbo la kwanza? Akinyonya shingo ikiwa imenyooka, mkunjo mdogo mwishoni mwa umio hujifunga kama bomba na kuyapeleka moja kwa moja tumbo la nne, ambako humeng'enywa. Akigugumia kutoka kwenye bakuli kichwa kikiwa chini, sehemu humwagikia tumbo la kwanza, huchacha na kutoa gesi. Kwa hiyo inua chuchu ya chupa hadi usawa wa kiwele cha mama, na usimlaze chali mapajani kama mtoto wa binadamu.

Je, wajua kwamba unga wa maziwa, hata ulio bora, hauchukui nafasi ya dang'a? Mwanambuzi huzaliwa karibu bila kinga. Mwenye kilo 3 apate mililita 150 za dang'a haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 6, na jumla ya 300 hivi kabla siku haijaisha. Mama akifa, mkamulie mbuzi mwingine aliyezaa karibuni.

Kisha unga. Uwe wa protini ya maziwa, si wa soya. Kilo 3 zahitaji takriban mililita 600 kwa siku: mpe 150 saa 12 asubuhi, saa 5, saa 10 jioni na saa 3 usiku. Baada ya wiki ya kwanza, milo mitatu yatosha; baadaye miwili.

Je, wajua kwamba mlo uliosahaulika haulipwi? Hapa ndipo wengi hupoteza wanambuzi wazuri. Mwenye njaa hubugia, mzigo wa maziwa vuguvugu hukaa tumbo la nne, na vijidudu huigeuza sukari yake kuwa gesi. Umechelewa? Toa kipimo kilekile, usikizidishe.

Je, wajua kwamba kidole si kipimajoto cha kuaminika? Koroga unga kwa joto lililoandikwa kwenye mfuko mpaka mabonge yaishe, kisha nywesha kwa nyuzi 39 hivi, sawa na mwili wa mbuzi, kila mlo vilevile. Asubuhi za baridi, weka chupa kwenye beseni la maji moto kati ya mwanambuzi mmoja na mwingine. Na mwanambuzi mwenyewe akiwa baridi, chini ya nyuzi 37, mpashe joto kwanza: tumbo lake halisagi, na maziwa yatalala humo.

Je, wajua kwamba uvimbe wa tumbo huonekana upesi? Ndani ya saa moja au mbili baada ya mlo, tumbo hukaza kama ngozi ya ngoma, huwa na sauti ya maji ukimtikisa kidogo, naye husaga meno na kukataa kusimama. Usimpe maziwa tena. Mpigie daktari wa mifugo papo hapo, kwa sababu uvimbe wa tumbo la nne huua kwa saa chache.