Varikosili na Usomaji wa Majibu ya Kipimo cha Manii

Varikosili ni kutanuka kwa vena zinazorudisha damu kutoka kwenye korodani. Hutokea zaidi upande wa kushoto, kwa kuwa vena ya upande huo ni ndefu na humwaga damu katika vena ya figo. Damu inayotuama huongeza joto la korodani, na joto hudhoofisha utengenezaji wa mbegu. Hata hivyo, wanaume wengi wenye varikosili huzaa bila tatizo. Ndiyo maana sharti majibu ya manii yasomwe kwa makini.

Chukulia mwanamume wa miaka 31 ambaye mkewe hajashika mimba kwa miaka miwili. Majibu yake yanaonyesha manii mililita 2, mbegu milioni 8 kwa kila mililita, na asilimia 20 tu ya mbegu zikienda mbele. Kwanza ujazo uzidishwe kwa wingi: jumla ni mbegu milioni 16. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, viwango vya chini ni mililita 1.4, milioni 16 kwa mililita, jumla milioni 39, na asilimia 30 zinazoenda mbele. Ujazo wake unatosha, bali mbegu ni chache na dhaifu. Viwango hivi si mpaka kati ya mgumba na mzazi: katika kila wanaume 100 waliotungisha mimba ndani ya mwaka mmoja, takriban 5 huwa chini ya kila kiwango.

Kabla ya kumhukumu, aulizwe jinsi sampuli ilivyopatikana. Je, alijizuia siku 2 hadi 7? Ilifika maabara ndani ya saa moja? Tone la kwanza lilimwagika? Tone hilo ndilo lenye mbegu nyingi zaidi. Kipimo kirudiwe baada ya wiki kadhaa. Ikiwa aliugua homa kali, angoje miezi mitatu, kwani mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa.

Majibu yakibaki hivyo, apimwe akiwa amesimama. Vena zilizovimba huhisiwa kama minyoo iliyojikusanya, na hupungua anapolala. Varikosili ya kulia pekee, au isiyopungua, humlazimu daktari kuchunguza figo na tumbo.

Sababu nyingine zitafutwe pia: korodani isiyoshuka, matubwitubwi yaliyoathiri korodani, na sindano za testosteroni, ambazo huzima utengenezaji wa mbegu ingawa hudhaniwa kuwa dawa ya uzazi. Ujazo mdogo usio na mbegu kabisa huashiria mirija kuziba.

Mwanamume huyu, ikiwa varikosili yake inahisiwa kwa mkono, anaweza kufungwa vena hizo kwa upasuaji. Kipimo hurudiwa baada ya miezi mitatu hadi sita. Si wote wanaopata nafuu, na umri wa mke huamua kama kungoja kunafaa. Hivyo naye achunguzwe tangu mwanzo.