Salio Lisilohifadhiwa

Mwanachama wa SACCOS akiuliza salio lake, programu nyingi husoma namba moja iliyohifadhiwa: 45,000. Akibisha kwamba si sahihi, namba hiyo haina la kujibu, maana kila badiliko liliifuta iliyotangulia.

Ipo njia nyingine, ambayo Martin Fowler aliieleza mwaka 2005: kinachohifadhiwa ni matukio. Mwanachama aliweka 50,000, akatoa 20,000, akaweka 15,000. Programu huanzia sifuri na kuyapitia kwa mfuatano: 50,000, kisha 30,000, kisha 45,000. Tukio likishaandikwa halifutwi. Ikibainika kwamba zile 15,000 zilikuwa za mtu mwingine, karani huandika tukio la nne la kuzitengua. Salio hurudi 30,000, na kosa na marekebisho yake yote huonekana.

Kuyapitia matukio kuwe kukokotoa tu. Sehemu inayokokotoa salio ikiwa ndiyo pia inayotuma meseji, siku ya kukokotoa upya wanachama watapokea meseji za miamala ya miaka iliyopita.

Akaunti ya mwenye duka inaweza kufikisha matukio 20,000, na kuanzia sifuri kila mara huchelewesha majibu. Kwa hiyo, kila baada ya matukio 1,000, programu huhifadhi picha ya hali: salio pamoja na namba ya tukio la mwisho lililohesabiwa. Likifika tukio la 20,037, husoma picha ya 20,000 na kuongeza matukio 37 tu. Lakini picha si ushahidi. Hesabu ya ada ikigundulika ina hitilafu, kurekebisha programu hakutoshi. Picha zilizotokana nayo hazina budi kutupwa, la sivyo kosa litaendelea kuishi ndani yake. Ili kulibaini, kokotoa akaunti chache tangu tukio la kwanza, kisha linganisha.

Ugumu zaidi uko kwenye matukio ya zamani. Tuseme toleo la kwanza liliandika hivi:

```
{"aina":"FedhaZimewekwa","toleo":1,"kiasi":50000}
```

Baadaye chama kikataka kujua pia sarafu, na kama fedha ziliwekwa kwa simu au kwa wakala. Matukio ya zamani hayaguswi. Kipande kidogo cha programu huyageuza wakati wa kuyasoma:

```
{"aina":"FedhaZimewekwa","toleo":2,"kiasi":50000,
 "sarafu":"TZS","njia":"HAIJULIKANI"}
```

Hivyo hesabu nyingine zote hushughulika na toleo la pili peke yake. Sarafu imejazwa bila wasiwasi kwa sababu wakati huo chama kilipokea shilingi za Tanzania tu. Njia haikuandikwa na haiwezi kujulikana tena. Mtaalamu akiweka "WAKALA" ili nafasi isibaki tupu, ripoti itawapa mawakala fedha ambazo huenda hawakuzipokea kamwe, na hakuna jumla itakayokataa kulingana ili kumshtua.